Aqua au Fit ya haibridi: pima betri kubwa kwanza, ndipo uzungumze bei

Anayetafuta gari dogo linalobana mafuta Dar es Salaam, Mombasa au Kampala hafiki mbali kabla hajakutana na magari mawili. La kwanza ni Toyota Aqua ya kizazi cha kwanza, ambayo namba yake ya chasisi huanza na NHP10. La pili ni Honda Fit ya haibridi iliyotoka kuanzia 2013, ambayo mafundi huiita GP5. Dalali atakuonyesha rimu, rangi na kilomita. Kitu kinachoweza kukutoa jasho kuliko hivyo vyote hakionekani: kwenye Aqua kimelala chini ya kiti cha nyuma, na kwenye Fit kiko chini ya sakafu ya buti.

Umri wa magari yaliyo sokoni nao una maneno yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo Aqua za 2012 hadi 2015 zilizopo huko zimeshatembea barabara za Kenya kwa miaka mingi. Tanzania haikatazi gari lililozidi miaka 8, inalitoza ushuru wa ziada tu, na ndiyo maana bado unaweza kukuta gari la zamani limetoka melini wiki iliyopita. Hayo ni mambo mawili tofauti kwa betri. Gari lililobeba abiria wa mtandao Dar kwa miaka minne limeshaonja joto na vumbi. Gari lililokaa yadi ya Japani, kisha melini, kisha bandarini, betri yake imekaa bila kazi kwa miezi, seli zinajimwaga zenyewe kidogo kidogo na si zote kwa kasi moja. Karatasi ya mnada ya Japani yenye alama 4.5 inasema habari za bodi na viti. Habari za seli haisemi.

Betri mbili zinazochoka kwa namna mbili

Betri ya Aqua ni ya nikeli. Ina moduli 20 zilizosimamishwa pamoja kama vitabu kwenye rafu, kila moduli ina seli 6, kila seli ina volti 1.2. Zidisha upate volti 144. Uwezo wake wote ni chini kidogo ya kilowati-saa 1. Betri ya Fit ni ya lithiamu, seli 48, kama volti 173 kwa jumla, na uwezo wake unakaribiana na ule wa Aqua. Kwa ukubwa, basi, hakuna aliyemzidi mwenzake. Tofauti iko kwenye jinsi zinavyoharibika na kinachoweza kufanyika baada ya hapo.

Nikeli huchoka kwa mafungu. Seli moja hudhoofika, mara nyingi zile za katikati ambako joto hukaa zaidi, wakati jirani zake bado wazima. Kompyuta ya Toyota haiitumii betri yote: inacheza kati ya asilimia 40 na 80 hivi, isijae kabisa wala isiishe kabisa. Kwa dereva hiyo ni faida, kwa mnunuzi ni mtego, kwa sababu betri inaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake na gari likaendelea kutembea vizuri tu. Unachokosa ni akiba, na akiba haionekani kwenye dashibodi.

Lithiamu huzeeka kwa usawa zaidi, lakini haina uvumilivu. Seli moja ikienda mbali na wenzake, kompyuta inaanza kuzuia matumizi mapema, maana kuijaza seli ya lithiamu kupita kiasi ni hatari ya moto. Kwa hiyo Fit inaweza kukaa kimya miaka mingi, halafu ikakuwashia onyo bila dibaji ndefu.

Jambo moja zaidi kuhusu Aqua ambalo wanunuzi wengi hawalijui: haina stata ya kawaida. Mota ya umeme ndiyo inayozungusha injini, na mota hiyo inakula kwenye betri kubwa. Betri hiyo ikigoma kabisa, injini haiwaki, na kusukuma hakusaidii. Unaita gari la kuvuta.

Yote nitakayosema kuhusu Aqua yanafaa pia kwa Corolla Axio na Fielder za haibridi zenye chasisi ya NKE165, kwa kuwa zinabeba betri ya aina hiyo hiyo ya volti 144. Aqua mpya ya 2021, ile ya MXPK, ni habari nyingine kabisa. Betri yake imeundwa upya, usiipimie kwa vipimo vya hapa.

Kabla ya skana: mambo ambayo macho na masikio yanatosha

Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Gari lililokwisha kuwashwa na kuzungushwa asubuhi limejaziwa betri, limepata joto, na limekusafishia ushahidi. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ya moto, kaa kwanza unywe chai.

Tafuta tundu la hewa la betri. Kwenye Aqua liko pembeni ya kiti cha nyuma, chini. Betri inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari, ile ile unayopumua wewe, na feni ndogo ndiyo inayoivuta. Toa kifuniko cha tundu utazame kwa tochi ya simu. Gari la familia lililotunzwa utakuta vumbi jepesi. Gari lililofanya teksi utakuta blanketi la nyuzi za viti, nywele na mchanga. Ukikuta blanketi, jua betri ilikuwa inapumua kwa shida, na huenda kwa miaka. Huo si uthibitisho kwamba imekufa, lakini ni sababu ya kutokubali bei ya kwanza.

Washa gari, taa ya READY iwake, kiyoyozi weka baridi kabisa, gia iwe P, kaa tu. Kiyoyozi cha Aqua kinaendeshwa na umeme wa betri kubwa, kwa hiyo sasa unaimwaga polepole. Injini itazima, baada ya muda itawaka kuchaji, halafu itazima tena. Angalia mizunguko hiyo. Betri yenye afya inakaa dakika kadhaa kabla ya kuomba injini. Betri iliyochoka inaomba kila baada ya muda mfupi sana, inajaa haraka, inaisha haraka, na vijiti vya chaji kwenye skrini vinapanda na kushuka kama vile hakuna kitu katikati. Kupanda haraka hivyo si sifa nzuri hata kidogo: chombo kidogo ndicho kinachojaa upesi. Gia isiwe N wakati wa jaribio hili, kwa sababu kwenye N gari haichaji betri na utapata majibu ya uongo.

Sikiliza pia feni ya nyuma. Kama inavuma kwa nguvu wakati gari limesimama kivulini na halijafanya kazi yoyote ya maana, kuna joto mahali.

Usichanganye betri kubwa na ile ndogo ya volti 12. Aqua inayo hiyo pia, nayo iko nyuma. Ikidhoofika, dashibodi inaweza kuwasha taa nyingi za kutisha kwa pamoja, na bei yake ni ya betri ya kawaida. Nimeona watu wakikimbia gari zuri kwa sababu hiyo, na wengine wakiambiwa "ni betri ndogo tu hiyo" wakati si hiyo. Pima volti zake gari likiwa limezimwa: ikiwa chini ya 12 kwa wazi, ibadilishwe kwanza, kisha vipimo vingine virudiwe.

Skana inasema nini hasa

Hapa ndipo uamuzi ulipo. Kwa Toyota unahitaji kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD chini ya usukani, kinachoongea na simu kwa Bluetooth, pamoja na programu ya simu kama Dr. Prius, ambayo imeandikwa kwa ajili ya Toyota na Lexus za haibridi. Vifaa vya bei ya kutupa wakati mwingine hukata mawasiliano katikati ya safari, kwa hiyo ukienda kwa fundi muulize kwanza kama cha kwake kinasoma volti za vifungu, yaani za kila jozi ya moduli za betri. Kama jibu ni "kinasoma hitilafu tu", huyo bado hajakusaidia.

Anza na hitilafu. Kwenye Toyota, P0A80 maana yake kompyuta imeshaamua betri inahitaji kubadilishwa. Misimbo inayoanzia P3011 kwenda juu inataja kifungu gani kimedhoofika. Ukiikuta, mazungumzo ni ya bei ya betri na si ya kitu kingine. Usipoikuta, usishangilie bado. Misimbo hufutwa kwa dakika moja. Kinachosaidia ni kumbukumbu nyingine ambayo skana nyingi huisoma: umbali uliotembea gari tangu hitilafu zifutwe. Kama gari lina kilomita 118,000 na namba hiyo inasema 20 au 30, kuna mtu aliyefuta juzi. Muulize kwa upole alikuwa anafuta nini.

Halafu njoo kwenye volti. Kompyuta ya Aqua husoma moduli kwa jozi, na kila jozi ndiyo kifungu: seli 12, volti 14.4 kwa jina, ingawa zikipumzika zikiwa na chaji ya kawaida huonyesha 15 na kitu. Volti za gari lililosimama hazikuambii mengi. Seli mgonjwa akiwa amepumzika anafanana na mzima. Inabidi ubebeshe mzigo: abiria wawili watatu, kiyoyozi, na mwinuko. Dar haina milima mingi, lakini kupanda daraja la juu la Ubungo kutoka kusimama, mguu ukiwa chini, kunatosha kuivuta betri sawasawa. Mwenzako ndiye anayetazama simu, wewe endesha.

Chukua mfano huu wa Aqua ya 2014. Ikiwa imepumzika, vifungu vyote viko kati ya volti 15.4 na 15.6, tofauti isiyo na maana. Kwenye mwinuko, betri ikitoa ampea 60, vifungu karibu vyote vinashuka hadi 14.4 au 14.5. Kifungu cha 6 kinashuka hadi 13.4, na mguu ukitoka kwenye mafuta kinarudi haraka juu pamoja na wenzake. Hitilafu hakuna, taa hakuna.

Hesabu ni fupi. Kifungu kizima kimepoteza volti 1.1 kwa ampea 60. Gawanya: ukinzani wake wa ndani ni kama omu 0.018. Kifungu cha 6 kimepoteza volti 2.1, sawa na omu 0.035, karibu mara mbili. Na tofauti ya volti 1.0 kati yake na jirani inakaribia volti 1.2, ambayo ni seli nzima moja. Yaani kati ya seli 12 za kifungu hicho kuna moja ambayo chini ya mzigo haichangii karibu chochote. Kompyuta bado inavumilia. Siku ya joto kali, foleni ndefu na kiyoyozi juu, haitavumilia.

Kwa kipimo cha gereji, tofauti ya volti 0.2 au 0.3 chini ya mzigo kwenye gari la umri huu ni ya kawaida. Ikifika nusu volti, nikiwa mimi ningerudia jaribio mara mbili zaidi, kwanza betri ikiwa na chaji ya juu, kisha ikiwa ya chini, kwa sababu seli dhaifu hujionyesha zaidi chaji inaposhuka. Ikifika volti 1, kifungu hicho kinaelekea kuaga.

Kuna jambo moja linaloweza kukudanganya hapa. Vipande vya shaba vinavyounganisha moduli hushika kutu ya kijani, hasa magari yaliyokaa pwani, na kutu hiyo inaongeza ukinzani hadi kifungu kizima kionekane mgonjwa. Fundi anayejua kazi yake atavifungua na kuvisafisha kabla ya kulaumu moduli. Lakini hiyo ni kazi ya baada ya kununua, na si ya kufanywa na mtu asiyejua: volti 144 za moja kwa moja zinaua. Kiunganishi cha usalama cha rangi ya chungwa huchomolewa kwanza, na kiasi cha dakika 10 husubiriwa ili umeme uliobaki kwenye kibadilishi uishe.

Fit: jaribio ni lile lile, kusoma ndiko kugumu

Dr. Prius haitakusaidia kwenye Honda. Unahitaji skana ya gereji yenye programu kamili ya Honda, kama zile za Launch au Autel, na fundi anayejua kuingia kwenye ukurasa wa betri ya haibridi badala ya kuishia kwenye injini. Msimbo wa kutafuta ni P0A7F, unaosema betri imechakaa. Kwenye volti, unalinganisha seli ya juu kabisa na ya chini kabisa, na hapa kipimo ni kidogo zaidi: lithiamu yenye afya seli zake hukaa karibu sana, tofauti ya sehemu ndogo za volti moja. Ukiona seli moja iko chini ya wenzake kwa volti 0.1 au zaidi hata gari likiwa limepumzika, hiyo imeshaachwa nyuma.

Barabarani, Fit yenye betri inayozuiwa na kompyuta hujitambulisha kwa kukataa kwenda kwa umeme. Injini haizimi kwenye taa za barabarani, au inazima mara moja kisha haizimi tena ingawa imepata joto na kiyoyozi kiko chini. Chaji inaruka kutoka vijiti vingi hadi viwili bila sababu.

Ila kwenye GP5 kuna kitu kinachofunika dalili za betri, nacho ni giaboksi. Gari hili lina gia 7 zenye klachi mbili na mota ndani yake, na Honda yenyewe ililirudisha gereji huko Japani mara kadhaa ndani ya mwaka wa kwanza kwa ajili ya marekebisho ya mfumo huo. Kushtuka kwa gari linapoanza kutembea, kusita kwenye foleni, onyo la mfumo wa haibridi: vyote vinaweza kuwa klachi, na betri ikawa haina kosa. Kwa hiyo usomaji wa skana kwenye Fit si wa kuruka. Bila huo hujui hata ni ugonjwa gani unaoukadiria.

Betri mbadala: ni tatu kwa Aqua, karibu moja kwa Fit

Ukiwa na Aqua ya kifungu cha 6, njia ni tatu, na bei nitakazoweka ni za mfano wa hesabu tu. Pigia simu watu wawili watatu katika mji wako uweke za kwako.

Ya kwanza ni kubadilisha moduli iliyokufa peke yake kwa moduli ya mtumba. Tuseme shilingi za Tanzania 350,000 pamoja na ufundi, dhamana mwezi mmoja. Gari linatembea jioni hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba moduli 19 zilizobaki zina umri ule ule na zimepika kwenye joto lile lile, na mgeni uliyemleta hafanani nazo kwa uwezo. Baada ya miezi kadhaa inaanguka nyingine. Mimi huiona njia hii kuwa ya mtu aliyekwama njiani Morogoro anayetaka kufika nyumbani.

Ya pili ni betri nzima iliyofanyiwa ukarabati: moduli zote zimetolewa, zikachajiwa na kumwagwa mara kadhaa, zikapimwa, na zinazofanana zikapangwa pamoja. Tuseme 2,400,000 na ufundi 150,000, dhamana miezi 6. Hapa kuna udanganyifu mwingi, na swali linaloutenga ukarabati wa kweli na kusafisha kwa brashi ni moja: nionyeshe uwezo wa kila moduli kwa ampea-saa. Moduli mpya ilikuwa 6.5. Anayekuletea karatasi yenye namba 20 zinazokaribiana, hata kama zote ni 5, amefanya kazi. Anayekuonyesha volti tu hajapima kitu. Betri nzima ya mtumba "kutoka Japani moja kwa moja" naiweka kapu hili hili, na swali ni lile lile.

Ya tatu ni betri yenye seli mpya, iwe ya Toyota yenyewe au ya watengenezaji wengine. Tuseme 4,800,000, dhamana miaka 2.

Wengi hulinganisha bei hizi tatu zilivyo. Linganisha kwa muda unaotarajia kukaa na gari. Ukipanga miaka 3, njia ya kwanza huenda ikakupeleka gereji mara mbili kabla hujasalimu amri ukanunua ya pili. Kila kukwama weka gari la kuvuta na siku zilizopotea, tuseme 200,000. Hiyo ni 550,000 mara mbili, ongeza 2,550,000, jumla 3,650,000, na miaka mitatu ikiisha gari lina betri ya mtumba. Njia ya pili, ikidumu miaka miwili kisha ikarudiwa, ni 5,100,000. Njia ya tatu ni 4,800,000 na ukiuza gari unaiuza na karatasi ya dhamana au angalau historia safi. Kwa gari la teksi linalolala barabarani, ningeenda ya tatu. Kwa gari ambalo bodi na injini vimeshachoka, ya pili inatosha. Hakuna haja ya kuvisha koti jipya gari la kuuzwa mwakani.

Kwenye Fit mambo ni mafupi. Kuchanganya seli za lithiamu za umri tofauti hakufanyiki kwa moduli na spana kama nikeli, kwa sababu kompyuta inasawazisha seli moja moja na haisamehe. Mafundi wanaoweza ni wachache. Kwa kawaida unabaki na betri nzima kutoka gari lililovunjwa, au mpya kwa bei ya kukufanya ukae chini. Tuseme ya gari lililovunjwa ni 4,000,000 ikifungwa. Hakuna ngazi ya chini yake ya kukuvusha hadi mwisho wa mwezi.

Kutoka kwenye volti hadi kwenye bei ya gari

Kwa ile Aqua yenye kifungu cha 6, swali ni punguzo gani la kudai. Muuzaji atasema hakuna taa iliyowaka. Wewe una namba. Lakini usidai bei ya betri mpya, maana hukuwa unanunua gari lenye betri mpya. Hata Aqua nzima ya mwaka huo ina betri ya umri huo. Kinachokurudisha pale ulipotakiwa kuwa ni betri iliyokarabatiwa: 2,550,000 kwa mfano wetu. Ukitaka kuongeza hadi seli mpya, hiyo ni juu yako, kwa sababu faida ni yako.

Na kama vifungu vyote vimeshuka sawasawa? Bado ni betri ya miaka kumi. Mimi huweka kiasi pembeni kwa kukisia: kama naona nafasi ni moja kati ya nne kwamba itadai kubadilishwa ndani ya muda nitakaokaa nayo, nachukua robo ya 2,550,000, kama 640,000, nalihesabu kuwa sehemu ya bei ya gari. Kwa Fit iliyosomwa vizuri ningekisia nafasi ndogo zaidi, tuseme moja kati ya nane, na thumni ya 4,000,000 ni 500,000.

Ukiishia hapo, Fit imeshinda. Ndiyo maana sipendi kuishia hapo. Wastani haulipi fundi. Siku mbaya ya Aqua inaanzia 350,000 na unaweza kuipanda kwa ngazi. Siku mbaya ya Fit ni 4,000,000 kwa mpigo, na huenda ukasubiri betri ipatikane.

| | Aqua (NHP10) | Fit (GP5) |
|---|---|---|
| Betri | nikeli, volti 144 | lithiamu, kama volti 173 |
| Kusoma volti | simu na kifaa kidogo | skana kamili ya Honda |
| Ikiharibika sehemu | moduli hubadilishwa | karibu kila mara betri nzima |
| Kinachochanganya dalili | betri ndogo, kutu ya viunganishi | giaboksi la klachi mbili |

Kwa mtu anayeishi Mtwara, Kigoma au Lodwar, au ambaye akiba yake inaishia kwenye kununua gari lenyewe, ningemwambia achukue Aqua, hata iliyo na vijiti vichache vya wasiwasi, mradi vifungu vimesomwa chini ya mzigo na punguzo limepatikana. Kwa anayeishi Nairobi au Dar, ana gereji yenye skana ya Honda na ana fedha ya kubeba bili moja kubwa bila kuuza kitu, Fit ni gari zuri zaidi la kuendesha na betri yake ikisomeka sawa inaweza isimsumbue kabisa. Ila giaboksi likaguliwe siku hiyo hiyo.

Muuzaji akisema betri imeshabadilishwa, omba risiti na dhamana, kisha tazama boliti za kifuniko cha betri. Betri iliyotolewa huacha alama za spana kwenye rangi. Boliti zikiwa na vumbi la miaka na rangi nzima, hakuna aliyezigusa. Akikataa skana kuchomekwa, usibishane naye. Akikubali lakini ana haraka, mpe sehemu ndogo ya malipo na mwandike kwenye makubaliano kwamba salio litalipwa baada ya jaribio la mwinuko, na kwamba msimbo P0A80 au P0A7F ukitokea ndani ya siku 14 gharama ya betri iliyokarabatiwa ni yake, kwa kiasi mlichokiandika hapo hapo kwa tarakimu na kwa maneno.